Kapsheni ya maonyesho ya picha Bagamoyo

"Wadau, tunafungua maonyesho ya wachoraji wa hapa Bagamoyo, kapsheni ya Insta niandikeje?"

Mkuu, Insta inakata maneno baada ya mistari michache, kwa hiyo tarehe na mahali vikae juu kabisa, sifa za wasanii baadaye. Mfano, weka tarehe zako:

Wachoraji wa Bagamoyo ukutani! Ufunguzi Ijumaa 7 Agosti 2026, saa 11 jioni, Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Kutazama hadi Jumapili 16 Agosti, saa 4 asubuhi mpaka 12 jioni, Jumatatu tumefunga. Kuingia bure. Picha zinauzwa, ndogo kuanzia 40,000, turubai kubwa mpaka 900,000.

Hiyo "kuingia bure" usiitoe, maana mtu akiona 40,000 peke yake anadhani ndo kiingilio, hafiki. Na bei ya chini iwe ya picha iliyopo kweli ukutani, zikiwa mbili tu zitaisha siku ya ufunguzi halafu wanaokuja kesho yake wanaona umewadanganya, hapo edit kapsheni fasta. Saa usiandike 10:00 tupu, Mswahili ataisoma saa kumi jioni, wageni waandikie posti yao.