Kitabu cha sheria kwa mwenye duka: kikague kwenye notisi ya kodi

Kabla hujatoa pesa kununua kitabu cha sheria cha lugha nyepesi, tazama kimeandikwa kwa sheria ya nchi gani. Hapa Malindi nimeviona vya mitumba vinavyofuata sheria ya Uingereza. Sehemu ya mikataba inasomeka na inafaa kiasi, maana sheria yetu ya mikataba imechota huko. Ukifika kwenye upangaji, kifunge.

Kwa mwenye duka la kukodi, mimi hutafuta kitu kimoja kwanza: Sura ya 301 ya Sheria za Kenya. Hiyo ndiyo inayosimamia upangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Kitabu kinachoeleza nyumba za kuishi tu hakitakufaa, hata kiwe kitamu namna gani.

Kitabu kizuri kitakwambia jambo ambalo wengi wetu tunalichukulia kinyume: kutokuwa na mkataba wa maandishi hakukunyimi haki. Upangaji wa mdomo wa duka unalindwa na sheria hiyo, na wa maandishi usiozidi miaka 5 vilevile.

Chukua mfano wa fundi cherehani aliyepanga chumba Barabara ya Lamu kwa maneno tu, analipa 15,000 kwa mwezi. Tarehe 10 Machi anapewa karatasi: kuanzia Aprili ni 25,000, hutaki hama. Karatasi hiyo haina nguvu. Mwenye jengo anatakiwa atumie fomu maalumu ya notisi, aeleze sababu, na notisi isianze kufanya kazi kabla ya miezi 2 tangu ipokewe, yaani si kabla ya 10 Mei. Ikija fomu sahihi, fundi ana mwezi 1 wa kujibu kwa maandishi kwamba hakubali, kisha apeleke shauri kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara kabla notisi haijaanza. Akishafanya hivyo, nyongeza inasimama mpaka jopo liamue. Akinyamaza, imempita. Ndiyo maana napenda kitabu chenye fomu iliyojazwa kwa mfano; maelezo matupu hayakusaidii ukiwa na kalamu mkononi.

Wakati wote huo aendelee kulipa ile 15,000 kwa siku yake, tena kwa M-Pesa ili ushahidi ubaki. Wapo wanaogoma kulipa kwa hasira, na kuchelewesha kodi miezi 2 ni sababu halali ya kuombewa uondolewe.

Vitabu huchakaa, sheria hurekebishwa. Namba za vifungu zilinganishe na tovuti ya Kenya Law, bure kabisa. Na kama mkataba wako ni wa maandishi na unazidi miaka 5, angalia kama una kipengele cha kuuvunja ndani ya miaka 5 ya kwanza, mbali na kile cha kuuvunja kwa kukiuka masharti. Kipo? Bado unalindwa. Hakipo? Hapo kitabu kimefika mwisho wake, tafuta wakili.

Jibu la notisi andika nakala mbili. Mwenye jengo atie sahihi na tarehe kwenye yako. Akikataa, itume kwa posta ya rejista, risiti ikae pamoja na nakala.