Re: Ramani ya hali ya hewa na kusi la Mtwara

> "Ramani ina mistari miwili tu juu ya Mtwara, imeachana mbali. Mbona kusi limevuma kwa nguvu?"

Ndugu, kanuni ya "mistari ya mgandamizo wa hewa ikibanana upepo mkali" ni ya nchi za mbali na ikweta. Mtwara ipo karibu nyuzi 10 kusini. Huku nguvu ya mzunguko wa dunia inayopindisha upepo ni ndogo, hivyo tofauti ndogo ya mgandamizo inatosha kuleta upepo mkali, nao hukata mistari badala ya kuifuata.

Kwa hiyo Juni hadi Agosti anza kuangalia chini kabisa, Afrika Kusini. Tafuta mstari wa bluu wenye pembetatu, ndio mkanda wa hewa baridi. Wenyewe kwa kawaida haufiki kwetu. La muhimu ni herufi H inayoufuata nyuma, yaani kitovu cha mgandamizo mkubwa wa hewa. Tuseme H ina 1034 hPa na imefika mashariki ya Durban, huku mistari yake ikichomoza kama ulimi kuingia mlango wa Msumbiji. Kusini mwa ikweta upepo huizunguka H kinyume cha saa, kwa hiyo upande wake wa kaskazini unavuma kuja kwetu kutoka kusini-mashariki. Mashua ndogo zijiandae kwa siku moja au mbili zijazo.

Mvua usiitafute kwenye mistari hiyo. Kusi la namna hii mara nyingi huleta manyunyu tu pwani. Na soma saa ya ramani: 00 UTC ni saa 9 usiku kwetu.