Tarajio chanya kwenye daftari la miamala: lihoji kabla hujaliamini

Watu wanaofanya biashara ya sarafu au hisa wakikutana, swali la kwanza huwa ni "unashinda asilimia ngapi?" Asilimia hiyo peke yake haisemi kitu. Anayeshinda mara 8 kati ya 10 na kupata dola 20 kila mara, kisha akapoteza dola 100 kwa kila muamala unaomgeukia, ameingiza 160 na kutoa 200. Anashinda sana, na akaunti inapungua.

Ndiyo maana mtu akiniomba nimwangalizie rekodi zake, naanza na tarajio, yaani wastani wa faida au hasara kwa kila muamala:

```
Tarajio = (W × F) − (L × H)
```

W ni sehemu ya miamala iliyoshinda, F ni wastani wa faida ya iliyoshinda, L ni sehemu iliyopoteza, na H ni wastani wa hasara. Miamala iliyofungwa bila faida wala hasara nayo ihesabiwe kwenye jumla. Kama unayo, usipate L kwa kutoa W kwenye 1, maana utaipachika hasara miamala ambayo haikupoteza chochote.

Treda mmoja ninayemfahamu aliniletea daftari la miamala 50. Ilishinda 20, kwa wastani wa dola 90. Ikapoteza 30, kwa wastani wa dola 45. Kwa hiyo 0.4 × 90 ni 36, na 0.6 × 45 ni 27. Tarajio lake ni dola 9 kwa muamala. Ukilinganisha na hasara yake ya kawaida, kila dola moja anayohatarisha inamrudishia senti 20 za ziada. Akawa anafikiria kuongeza ukubwa wa miamala.

Nikamuuliza kama spredi na kamisheni ya broka zimo kwenye hesabu. Hazikuwamo. Zilikuwa kama dola 4 kwa muamala, kwa hiyo 9 ikashuka kuwa 5. Hilo ni rahisi kurekebisha, na wengi hulisahau.

Kilichonisumbua zaidi ni mstari mmoja katikati ya daftari: faida ya dola 540. Faida nyingine nyingi zilikuwa kati ya 50 na 80. Tuliuondoa ule muamala mmoja, tukapiga hesabu upya bila hata kugusa gharama. Faida zote zikawa dola 1,260, hasara zikabaki 1,350. Tarajio likawa karibu dola 2 chini ya sifuri. Maana yake, miamala 49 kwa pamoja ilikuwa inapoteza, na mmoja ndio ulioibeba yote. Simaanishi kwamba faida kubwa ifutwe. Kuna mbinu za kufuata mwelekeo wa soko ambazo huishi kwa faida chache kubwa. Ila kama mbinu yako ni ya aina hiyo, lazima ujue kubwa kama hiyo huja mara ngapi, na tukio moja haliwezi kukujibu.

Kuna na suala la idadi. Kwa F ya 90 na H ya 45, asilimia ya ushindi inayokuacha sifuri ni 45 ÷ (90 + 45), yaani 33.3. Yeye ana 40, anaona amejiacha nafasi. Lakini kosa sanifu la asilimia hiyo, yaani kiasi inachoweza kuyumba kwa bahati tu, ni kipeuo cha pili cha 0.4 × 0.6 ÷ 50, ambacho ni kama pointi 7. Ukichukua makosa mawili kila upande, ushindi wake halisi unaweza kuwa popote kati ya 26 na 54. Ile 33.3 imo humo humo. Angekuwa na miamala 400 yenye takwimu zile zile, kosa lingeshuka hadi pointi 2.5 hivi, na hapo 33.3 ingebaki nje. Hiyo nayo ni kwa sharti kwamba soko na mwenendo wake havijabadilika. Miamala ya kipindi kilichotulia ikichanganywa na ya kipindi cha misukosuko, wastani unaopata si wa chochote kati ya hivyo viwili.

Hata tarajio likiwa la kweli, halisemi hasara zitapangana vipi. Kwa L ya 0.6, kupoteza mara 8 mfululizo ndani ya miamala 400 ni jambo la kutarajia kabisa. Anayehatarisha asilimia 2 ya akaunti kila mara atabakiwa na kama asilimia 85 baada ya mfululizo huo. Anayehatarisha asilimia 10 atabakiwa na 43, na ili arudi alipokuwa itabidi akaunti izae zaidi ya mara mbili. Yule treda nilimwambia abaki na ukubwa ule ule, aingize gharama kwenye kila mstari, na kila anapopiga hesabu aandike matarajio mawili: moja lenye muamala mkubwa kuliko yote, na moja bila huo.