Barua ya kuomba kupunguziwa saa za kazi Ramadhani: andika hesabu, usiandike uchovu

Mimi nafanya stoo kwa duka la jumla hapa Kisumu, kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na kila Ramadhani ikikaribia kuna mtu ananiuliza nilimwandikia bosi nini hadi akaniruhusu nitoke saa tisa. Nitawaeleza vile nilifanya.

Kwanza mjue Kenya hakuna sheria inayompunguzia mtu saa kwa sababu amefunga. Imarati ndo sheria inawapunguzia saa mbili kwa siku, huku kwetu Sheria ya Ajira ya 2007 imemwachia mwajiri apange saa. Katiba ibara ya 32 inalinda dini yako, ni kweli, lakini hiyo usiiweke kwa barua ya kwanza, manake bosi akiona vifungu anaona kesi, anapeleka barua kwa wakili badala ya kukujibu. Wewe unaomba, hudai.

Sasa hesabu, na hapa ndo wengi wanakosea. Ukisema "naomba nitoke saa tisa badala ya saa kumi na moja" bosi anasikia amepoteza saa mbili kila siku. Lakini kwa hiyo siku kuna saa moja ya lanchi ambayo wewe hauli! Kawaida nafanya saa nane kamili, nikiruka lanchi na kutoka saa tisa nafanya saba. Kinachopotea ni saa moja tu, saa tano kwa wiki. Mwonyeshe hivo waziwazi kisha useme utazilipaje, usimwachie yeye afikirie.

Yangu ilikuwa hivi, majina nimetoa:

*Kwa Bi. Meneja,*

*KUH: OMBI LA KUPUNGUZIWA SAA ZA KAZI MWEZI WA RAMADHANI*

*Kwa heshima, naomba ruhusa ya kufanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, tangu siku ya kwanza ya Ramadhani itakapotangazwa hadi mwezi utakapoisha, yaani siku 29 au 30.*

*Sitachukua saa ya chakula cha mchana, ila dakika chache za swala ya Adhuhuri. Kwa hivyo saa zitakazopungua ni tano kwa wiki, nami niko tayari kuzifidia Jumamosi za kuhesabu stoki baada ya Idd, bila malipo ya ziada.*

*Mizigo inayofika baada ya saa tisa, mwenzangu wa stoo amekubali kuipokea, nami nitaikagua asubuhi inayofuata.*

*Nitashukuru kupata jibu lako kwa maandishi. Niko tayari kujadiliana iwapo saa hizi hazifai.*

*Wako mwaminifu.*

Ona sijaandika tarehe ya kuanza, manake mwezi haujaonekana, na ukiandika tarehe halafu ikasogea siku moja tayari kuna mvutano. Pia sijaandika njaa wala kiu wala kuchoka, hayo yanamfanya bosi aanze kukuchunga kama unasinzia. Na yule mwenzangu niliongea naye kwanza kabla ya kumtaja, tafadhali usimtaje mtu hajui, ataitwa ofisini akane.

Peleka wiki tatu kabla, mkononi, ubaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Madamu wetu aliniita akasema "sawa, enda tu saa tisa", nikamshukuru nikamwomba kwa upole aniandikie hata mistari miwili. Si kutomwamini. Sisi tunaingia na kutoka kwa mashine ya kidole, mhasibu wa mishahara anasoma mashine, hasomi mdomo wa meneja, mwisho wa mwezi unakuta umekatwa kama mtu aliyetoroka kazi. Hata kifungu cha 10 cha ile Sheria ya Ajira kinataka mabadiliko ya saa yaandikwe. Kopi moja ya jibu mpe mhasibu mwenyewe.

Na akikataa? Usirudishe barua ileile. Omba kuhamishiwa saa badala ya kupunguziwa: ingia saa moja na nusu asubuhi, ruka lanchi, toka saa tisa na nusu, hizo ni saa nane zote na yeye hajapoteza kitu. Magharibi huku kwetu inaingia nyuma ya Mombasa kama dakika ishirini, kwa hivyo ukitoka saa tisa na nusu hata jamu ya Kondele ikikushika unafika nyumbani kabla ya kufuturu. Hiyo nayo ikishindikana, chukua sehemu ya zile siku 21 za likizo uziweke kumi la mwisho, ila omba sasa hivi kabla wengine hawajajaza kalenda.