Barua ya ruhusa ya bibi yangu, na majibu ya mwalimu

"Wadau naomba msaada. Mtoto wa dada yangu analelewa na bibi yake huku Moshi vijijini, amekosa shule siku tatu na mwalimu anataka barua ya mlezi. Bibi hajui kuandika. Mtoto anaweza kuandika mwenyewe bibi akawa anamtajia? Na kwenye barua kinawekwa nini?"

Anaweza, mimi niliandika. Ila kuna kitu kimoja inabidi ukisimamie, na nitakieleza kwa yaliyonikuta maana nilikikosea mimi mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa tano 1998, niko darasa la tano, tunaishi mimi na bibi tu kule juu kihambani. Mwaka ule mvua za El Nino zilipiga mpaka njia zikawa utelezi mtupu. Jumatatu jioni bibi akavuka mfongo, ule mfereji wetu wa maji, na mzigo wa majani ya ng'ombe akateleza, mguu wa kulia ukavimba kifundoni hadi akawa hawezi kuukanyagia. Basi kuanzia Jumanne mpaka Ijumaa mimi ndo nikawa kila kitu, nakata majani, nateka maji, nakamua, namkanda mguu na maji ya moto, usiku nalala nimechoka hadi daftari sishiki. Shule sikwenda na taarifa sikutuma, na kwetu kukosa hivo bila taarifa kulikuwa na jina lake, utoro, na utoro ulikuwa na fimbo.

Jumapili jioni bibi akaniambia mama, leta karatasi, nitaje uandike. Nikachana ukurasa wa katikati ya daftari ili zitoke mbili zilizoshikana, nikakaa karibu na koroboi. Yeye akaanza kusema kwa Kichaga, taratibu, mimi naandika kwa Kiswahili. Alisema mengi. Alisema alivyoanguka, alisema ng'ombe ana ndama na hawezi kulala njaa, alisema baba yangu yuko mbali anatafuta, alisema siku nne, alisema tarehe nitakayorudi.

Mimi niliona aibu. Wenzangu wakikosa shule barua zao zinasema malaria, imekwisha, sasa mimi barua yangu iseme nilikuwa nakata majani ya ng'ombe? Nikaandika mistari mitatu tu, kwamba nimekosa shule siku chache kwa sababu ya malaria naomba nisamehewe. Bibi akasema soma. Nikamsomea yale aliyosema yeye, yote, huku naangalia karatasi kama vile yameandikwa.

Sasa bibi alikuwa amewahi kuhudhuria kisomo, yale madarasa ya watu wazima ya miaka ya sabini. Hakumaliza, kahawa ilipoiva aliacha, lakini namba zilimkaa kwa sababu za mizani ya kahawa alizisoma kila msimu pale chama cha ushirika. Akainua karatasi kwenye mwanga wa koroboi akaniuliza, "Nimekutajia siku nne na tarehe kumi na moja. Nionyeshe nne iko wapi." Haikuwepo. Hakukuwa na namba hata moja kwenye ile karatasi. Nikanyamaza, machozi yakanitoka, nikamwambia ukweli kwamba nimeandika malaria.

Hakunigombeza. Aliniambia hivi, na mpaka leo nayasikia, "Kesho mwalimu akikuuliza ulimeza dawa gani utamjibu nini? Na mimi akija kunisalimia anikute na mguu huu, nimwambie nini?" Nikachukua ile karatasi ya pili. Safari hii kila akimaliza sentensi nilikuwa naandika, namsomea hiyohiyo, anasema haya, ndo tunaendelea. Ilitoka hivi:

"Mwalimu, hujambo. Mimi ni bibi yake. Mtoto hakuja shule siku 4, tarehe 5 mpaka tarehe 8. Hakuumwa. Nilianguka, mguu ukavimba, nyumbani hakuna mtu mwingine, yeye ndiye aliyekata majani ya ng'ombe na kuniuguza. Kosa ni langu, ukimpiga yeye umenipiga mimi. Naomba afundishwe yale aliyokosa. Anarudi Jumatatu tarehe 11."

Juu nikaongeza jina langu, darasa na tarehe ya siku ile. Chini nikaandika jina la bibi, nikapaka wino wa biki kwenye dole gumba lake, akagandamiza pembeni ya jina. Lilitoka limefifia, akataka tena, la pili likatoka vizuri na mistari ya kidole ikaonekana.

Jumatatu mwalimu wa darasa akaipokea, mama mmoja mgeni huku kwetu, hakuwa Mchaga. Akasoma amesimama. Akasoma tena amekaa. Akaniuliza polepole ili wengine wasisikie, bibi anajua kusoma? Nikamwambia namba tu. Hakusema kitu. Saa ya kwenda nyumbani akanipa karatasi imekunjwa akasema kamsomee bibi, usisome njiani. Nilisoma njiani. Ilikuwa imeandikwa hivi:

"Shikamoo bibi. Pole sana na mguu. Barua yako nimeisoma yote. Mtoto hajapigwa na hatapigwa. Zile siku 4 nimeziandika ruhusa. Amekosa desimali kwenye hisabati, nitakaa naye saa ya mapumziko kwa siku 3. Wiki hii nitamruhusu saa 8 mchana akate majani kabla ya giza. Ahsante kwa kuniambia kweli, sasa najua nimsaidie wapi."

Namba zote alikuwa ameziandika kwa tarakimu kubwa kuliko maneno, na kila moja ameipigia mstari chini.

Sasa nikurudie wewe. Kwa huyo mtoto wenu fanyeni hivyohivyo. Jina na darasa, tarehe hasa alizokosa na siyo "siku chache", sababu yenyewe ilivyo, siku anayorudi, na ombi la kufundishwa aliyokosa, kisha jina la bibi na dole gumba. Zile anwani mbili na YAH tunazofundishwa kwenye barua rasmi ni nzuri, ila kwa mwalimu wa darasa wa msingi sijaona ikikataliwa barua kwa kukosa YAH. Zinazotiliwa mashaka ni zile barua zenye mwandiko wa mwanafunzi zinazosema malaria tu, maana mwalimu anazipokea kila wiki na anaujua mwandiko wa kila mtoto. Ndo maana dole gumba lina kazi, na kama kuna jirani au mjumbe anayejua kusoma aisome mbele ya bibi kabla hajaweka dole, kisha naye aandike jina lake na namba ya simu chini. Hicho ndo kitu nilichosema ukisimamie: anayeandika asiwe ndiye pekee anayesoma. Mtoto ana aibu zake, mimi nilikuwa nazo.

Jioni ile nilimsomea bibi majibu mara tatu, mguu wake uko kwenye beseni. Mara ya tatu nilikuwa na haraka nikaruka mstari wa desimali, akanishika mkono akasema bado, hujafika kwenye tatu. Akaweka kidole juu ya ile 3 akaishikilia pale mpaka nikarudi nikaisoma.