Chai Ikizidi Weusi, Imeshakufa

Wiki iliyopita dada mmoja wa Lushoto aliniandikia: "Kaka, nimechuma chai ya shamba letu, nimeianika juani, nimeiponda kwenye kinu, nimeiacha usiku kucha. Imekuwa nyeusi tii. Mbona haina ladha?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Chai hiyohiyo niliwahi kuipika mimi, nikaaibishwa nayo mbele za watu.

Mimi hupakia sampuli kwenye ghala moja Shimanzi. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956 ukahamia hapa Mombasa 1969, na siku hizi majani ya Kericho, Rwanda, Uganda na kwingineko yanateremka pwani kuonjwa na kuuzwa. Pale kazini yupo Mzee mwonjaji. Huvuta maji ya chai kwa kijiko kwa mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, hutema, husema neno moja, husonga mbele. Miaka mitano nimemtazama nikijiambia: kuonja nimeona, sasa na mimi nitatengeneza.

Basi Machi, joto la kaskazi limekolea, binamu yangu wa Limuru akanitumia kilo mbili za majani mabichi kwa basi la usiku. Aliyafunga kwenye mfuko wa plastiki, akakaza kamba. Alfajiri nilipoupokea Mwembe Tayari nikatia mkono ndani: moto, kama unga wa mahamri ulioumuka. Harufu ya tufaha lililoiva kupita kiasi, na kingo za majani zimeshakuwa nyekundu.

Sikujua kuwa hapo mchezo ulikuwa umekwisha. Jani lililochumwa bado linapumua na kutoa joto. Likibanwa hujipika lenyewe, na palipochubuka kazi ya kiwandani huanzia mfukoni, hovyo, bila msimamizi. Mimi nikapanda nayo darini, nikaianika juani kwa saa tatu, nikaisaga, nikaiacha kwa saa nne ili iwe nyeusi vizuri. Nikapeleka kazini kwa fahari zangu zote. Mzee akavuta, akatema, akatia tone la maziwa. Kikombe kikawa kijivu kama maji yaliyooshewa sufuria. Akasema, "Mpe mbuzi." Vijana walicheka mpaka saa ya chakula. Mpaka leo yupo anayenisalimia kwa kulia kama mbuzi.

Sasa sikiliza, dada, maana hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Jani la chai lina vitu viwili visivyokutana. Kuna katekini, zile zinazokaza ulimi, zimefungiwa kwenye kifuko cha maji cha seli. Na kuna kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidezi, kinachokaa kwingine, kwenye kloroplasti. Ukiliponda jani, kuta zinabomoka, viwili hivyo vinakutana, na oksijeni ya hewani inaingia kati. Watu huita hatua hii kuchachua, lakini hakuna hamira wala kijidudu kinachohitajika. Ni kimeng'enya cha jani lenyewe. Ndiyo maana jani hilohilo ukilitia moto kwanza, kabla ya kuliponda, kimeng'enya kinakufa na unapata chai ya kijani.

Katekini zikioksidishwa huungana na kutoa theaflavini, zenye rangi ya dhahabu. Hizo ndizo zinazofanya kikombe king'ae na kinywa kichangamke. Ukiendelea kungoja, zinageuka kuwa thearubijini, nyekundu ya kahawia, zinazoipa chai uzito na rangi. Unazihitaji zote mbili. Lakini theaflavini hupanda hadi kilele kisha hushuka, na thearubijini huzidi kujilimbikiza. Joto likiwa kali, kilele kinapita mbio hata hujakiona. Kwa hiyo ule weusi niliokuwa nikiuringia ulikuwa dhahabu iliyokwisha kuliwa. Nyuzi 24 hadi 27 ndizo zinazofaa. Darini kwangu Machi huo hata kuku wangekataa.

Nilirudia Julai, kusi inavuma. Safari hii nilimwambia binamu: kilo moja tu, majani mawili na chipukizi, kwenye kikapu, usishindilie. Alichuma saa kumi na moja jioni akapima gramu 1,000. Nilipokipokea kikapu saa kumi na mbili asubuhi kilikuwa na gramu 910, majani baridi. Basi lilikuwa limeshaanza kuninyaushia bila nauli ya ziada.

Kunyausha siyo kukausha. Maji yanapungua, ndiyo, lakini muda huohuo utando wa seli unalegea, protini zinavunjika na manukato yanajengwa. Maji unaweza kuyaharakisha kwa upepo wa moto. Haya mengine hayaharakishwi, yanataka saa zake. Viwandani huachwa saa 12 hadi 18. Jua langu la Machi lilitoa maji tu, likaunguza kingo.

Nikayatandaza juu ya leso, feni mbali kidogo, nikawa napima. Katika gramu 1,000 za jani bichi, kama 770 ni maji na 230 ndiyo chai yenyewe. Kwa kusaga nilitaka maji yabaki asilimia 70, yaani zile 230 ziwe asilimia 30 ya uzito wote: gramu 767 hivi. Saa nne asubuhi mizani ikasoma 770. Ukikunja jani halivunjiki, ukilifumbata linabaki fundo, halifunguki haraka. Likiwa bichi mno, mashine inatoa uji unaobandana na hewa haiingii. Likikauka mno, kimeng'enya kinasinzia.

Nikalipitisha mara tatu kwenye mashine ya kusagia nyama, niliyoazima kwa shangazi (sikumwambia ya nini). Chumbani kiyoyozi nyuzi 24, leso mbichi imetundikwa mlangoni hewa isikauke. Nikagawa mafungu manne, unene wa kidole, na kila moja nikalitia oveni ya nyuzi 110 kwa zamu: dakika 30, 60, 90 na 150. Tandaza jembamba na oveni iwe imeshapata moto, maana likipashwa polepole kimeng'enya kinaendelea kufanya kazi humo ndani na chai inachemka badala ya kukauka.

Fungu la dakika 30 lilikuwa na harufu ya nyasi na uchungu mkali. La 60, ile harufu ya nyasi imetoweka imekuja ya matunda, majani yana rangi ya shaba, kikombe kinang'aa. La 90 lilikuwa jekundu zaidi, zito, lakini ulimi haukukazwa vile. La 150 nililifahamu mara moja. Lilikuwa mbuzi.

Kwa hiyo, dada, tupa saa, tumia pua. Lushoto kuna baridi, dakika zako 60 huenda zikawa 90 au zaidi, lakini usiku kucha hapana. Jua hapana. Mfuko wa plastiki hapana, nasema tena, hapana.

Jumatatu niliingiza kikombe cha lile fungu la 60 katikati ya sampuli za watu, gramu 2 kwa mililita 100, dakika 6, kama desturi. Mzee akavuta, akatema, akarudi nyuma hatua moja, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akatia maziwa, yakawa rangi ya machungwa. "Hii ya kiwanda gani?"

Sikumjibu. Jioni nilimpelekea mama iliyobaki. Akaichemsha na maziwa robo saa, akaonja, akaniuliza kwa nini sikuleta na tangawizi.