Simu niliyoikagua siyo niliyofika nayo nyumbani

Juzi msomaji wa Arusha kaniandikia: "Dada, muuzaji wa simu anasema niifuate mwenyewe Kilombero, nisilipe mpaka niione. Nikishaiona si basi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana miaka mitatu iliyopita nami niliamini hivyohivyo.

Tulikutana hapa Moshi karibu na stendi, jioni. Nikaikagua simu: kamera, kioo, chaji, vyote safi. Nikamtumia 350,000. Jina lililotokea halikuwa lake. Akasema ni la shemeji yake, nami nikameza. Kisha akasema, "Naomba nitoe laini yangu." Nikamrudishia. Akageuka kidogo, akaitia kwenye boksi, akanisindikiza hadi kwenye daladala. Kufika nyumbani, ndani ya boksi mlikuwa na simu ya rangi ileile, imekufa. Hadi leo nikipita pale roho inauma.

Wiki iliyopita nimenunua nyingine, na safari hii mahali nilipanga mimi: duka la wakala wa pesa jirani na Mnara wa Saa, saa nne asubuhi. Napapenda kwa wakala kwa sababu muuzaji naye anaogopa meseji feki ya malipo. Pale anaangalia salio lake, akitaka anatoa pesa hapohapo.

Laini yake ilitoka kwanza, kabla ya chochote. Nikaweka yangu, nikapiga *#06#, zikaja tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Nikazilinganisha na zile za kwenye boksi, nikazituma kwa meseji kwenda 15090, namba ya TCRA ya kuhakiki simu, jibu likataja aina ileile ya simu. Lingetaja aina nyingine ningeaga. Lakini jamani, jibu zuri siyo hati ya umiliki: simu iliyoibwa jana na haijaripotiwa nayo italeta jibu zuri. Ndiyo maana nilimwomba aondoe akaunti yake ya Google kwenye mipangilio mbele yangu, kisha ndipo aifute simu yote. Asiye mwenyewe hukwama hapo, na simu ikifutwa kijanja bila akaunti kuondolewa, ikiwaka itaidai ile akaunti ya zamani. Tulisubiri mpaka ikawaka upya, nikapiga simu kwa mama. Tangu hapo haikutoka mkononi mwangu. Boksi nilibeba tupu.

Malipo yalikwenda kwenye namba yenye jina lililo kwenye kitambulisho chake, siyo la shemeji. Aliposoma salio lake tukaandika karatasi mbili: tarehe, aina ya simu, IMEI, kiasi, namba ya muamala, majina na sahihi zetu. Meseji ya muamala nikaipiga picha, maana meseji hufutika na simu huibwa.

Akanung'unika, "Dada, unanunua simu au shamba?"

Nikamjibu shamba halibadilishwi ndani ya boksi.